Director's Cut, Extended au Theatrical: uanze na ipi?

"Wakuu, nataka kuangalia Kingdom of Heaven, nakuta kuna ya dakika 144 na nyingine inayopita saa tatu. Nishushe ipi? Na Extended ya Lord of the Rings nayo ni mambo hayo hayo?"

Mkuu, kwa Kingdom of Heaven chukua ndefu, ile Director's Cut ya mwongozaji mwenyewe, wala usisite. Kwa Lord of the Rings anza na ya kawaida. Urefu wenyewe si hoja, angalia nani alikata na kwa nini.

Theatrical ndiyo iliyopita kwenye majumba ya sinema, na hapo studio ndiyo yenye rungu, maana muvi ikiwa ndefu inaonyeshwa mara chache kwa siku. Mwaka 2005 Ridley Scott aliitoa Kingdom of Heaven ikiwa na dakika 144, na kilichoondoka si mapigano tu, kuna mhusika mzima aliyefutwa. (Kama hutaki kupunguziwa uhondo, ruka aya ifuatayo.)

Kwenye Director's Cut, Sibylla, dada wa mfalme mwenye ukoma, ana mtoto wa kiume, na mfalme akifa ndiye anayerithi taji. Kuna mahali nta ya moto ya muhuri inamdondokea mkononi, mtoto wala hashtuki. Ukoma huo. Mama anaamua kumuua mwenyewe kwa sumu kuliko aoze kama mjomba wake. Kwenye Theatrical mtoto hayupo kabisa, taji linakwenda kwa Guy, mume wa Sibylla, halafu unamwona mwanamke amevurugikiwa na kukata nywele, hujui kilichomsibu. Mimi nilianza na hiyo, nikamaliza bila kumwelewa.

Extended ni habari nyingine. The Fellowship of the Ring, ya kwanza ya Lord of the Rings, ina dakika 178, Extended yake 208, na mwongozaji Peter Jackson mwenyewe amesema zile za sinema ndizo anazozihesabu kuwa filamu kamili. Nyongeza ni za mashabiki: nyimbo, safari, zawadi za Galadriel. Tamu sana ukishaipenda hadithi, ila mara ya kwanza zinakuchelewesha.

Jina nalo lisikubabaishe. Director's Cut ya Alien ya mwaka 2003 ni fupi kidogo kuliko ile ya 1979, na Scott huyo huyo anaipendelea ile ya 1979.

Kabla ya kumaliza bando, angalia dakika za faili, usiamini jina lake. Ukikuta Kingdom of Heaven ya dakika 138, haijakatwa, ni kopi ya DVD za Ulaya ambazo picha hukimbia kidogo, fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Sabtaito nazo chukua za toleo lako. Za Theatrical ukiziweka kwenye ndefu zinaanza sawa, ila ikifika tu sehemu iliyoongezwa zinatangulia, na kuzisogeza kwa sekunde kadhaa hakusaidii kwa sababu zitapotea tena sehemu inayofuata. Na ile Kingdom of Heaven ya dakika 194 inaanza na muziki mtupu na ina mapumziko katikati, usije ukaifuta ukidhani faili ni bovu.