Herufi A yenye kWh nyingi kuliko B: kusoma lebo ya mashine ya kufulia

Swali: Fundi, naomba msaada. Dukani nimeona mashine mbili za mlango wa mbele. Moja ni ya kilo 7, lebo yake ina herufi B, 50 kWh na lita 42. Nyingine ni ya kilo 10, herufi A, 51 kWh na lita 50. Muuzaji anasema ya A ndiyo inayobana umeme, mbona namba zake ni kubwa? Sisi tunafua mara nne kwa wiki, kama kilo tano kila mara.

Jibu: Muuzaji hakukosea kuhusu herufi, ila herufi hiyo haikuambii utalipa umeme kiasi gani. Lebo uliyoielezea ni ya Umoja wa Ulaya, ile ya A hadi G iliyoanza kutumika Machi 2021. Herufi yake hutokana na kulinganisha umeme wa mashine na kiwango kilichowekwa kwa mashine ya kilo hizohizo, na kiwango hicho hupanda kadiri kilo zinavyoongezeka. Ili ipate A, mashine ya kilo 7 haitakiwi kuvuka 44 kWh na pointi. Ya kilo 10 inaruhusiwa kufika 51 na ushee. Ndiyo maana 50 imeiangusha ile ndogo hadi B, huku 51 ikiipa kubwa A. Herufi itumie unapolinganisha mashine zenye kilo sawa. Zikitofautiana, iache, usome namba.

Namba ya kWh ni ya mizunguko 100. Kwa hiyo 50 maana yake ni nusu uniti kila ukifua, na 51 ni nusu uniti na kidogo. Kufua mara nne kwa wiki ni mara 208 kwa mwaka, na tofauti ya mashine zako mbili inakuwa uniti mbili tu mwaka mzima. Lita ni za mzunguko mmoja, si mia, na wengi hujichanganya hapo. Lita 8 za ziada mara 208 ni lita 1,664 kwa mwaka. Kama maji unayanunua kwa madumu, hiyo tofauti utaiona kabla ya ile ya umeme.

Namba hizo mbili ni wastani, lakini. Mashine hupimwa ikiwa imejaa, ikiwa nusu na ikiwa robo, kisha matokeo huchanganywa. Kilo tano zako ni nusu kamili ya mashine ya kilo 10, ila kwa ile ya kilo 7 ni zaidi ya theluthi mbili. Mwombe muuzaji kijitabu cha maelekezo, ufungue jedwali la programu. Humo utakuta umeme, maji na muda kwa kila kiwango cha mzigo. Tuseme ya kilo 10 inaonyesha uniti 0.85 ikijaa, 0.50 ikiwa nusu na 0.28 ikiwa robo, na ya kilo 7 inaonyesha 0.68, 0.46 na 0.28. Kwa kilo tano, kubwa itatumia 0.50. Ndogo itaangukia kati ya nusu yake, yaani kilo 3.5, na kujaa: kama 0.55. Sasa kubwa ndiyo inayoongoza, kwa uniti kama 10 kwa mwaka. Safu ya maji ipitie vivyo hivyo. Unaona kwamba kwa umeme mashine hizi ni karibu sare, wala si jambo la kukuumiza kichwa.

Jambo la pili ni programu. Namba zote kubwa za lebo ni za programu iitwayo eco 40-60, ambayo hutumia maji ya uvuguvugu na huchukua saa tatu au zaidi pipa likijaa. Muda wake umeandikwa kwenye lebo, kando ya alama ya saa. Ukirudi nyumbani ukawa unabonyeza pamba ya nyuzi 60 kila siku, lebo haikuhusu tena. Umeme mwingi wa mashine huenda kwenye kupasha maji. Kupasha lita 12 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula uniti 0.56, na kuyafikisha 30 tu hula 0.14. Mtu anayefua kwa nyuzi 30 atatumia umeme mdogo kwa mashine yoyote kati ya hizo, na anayechemsha atatumia mwingi hata mashine yake ikiwa A.

Kilo ndizo ningezikagua kwa makini kuliko yote, kwa sababu mbili. Ya kwanza nimeshaigusa: kilo zikipanda kwenye stika, kiwango cha herufi nacho hulegea. Ya pili ni kwamba kilo hizo ni za nguo kavu za pamba, yaani shuka, foronya na taulo zilizotumika kwenye vipimo. Jinzi na masweta hulijaza pipa mapema. Nguo za sintetiki kwa kawaida huruhusiwa nusu ya kilo hizo au pungufu, na programu ya haraka mara nyingi huishia kilo mbili hivi. Jedwali lilelile la kijitabu litakwambia.

Nenda dukani na futi. Pima kipenyo cha pipa la ndani na kina chake kwa sentimita. Zidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, ugawe kwa 1,000 upate lita. Pipa la kipenyo cha sm 48 na kina cha sm 32 lina lita 58. Likiwa limebandikwa kilo 7, kila kilo ina zaidi ya lita 8, nguo zina nafasi ya kuanguka na kujipiga. Likibandikwa kilo 10, kila kilo inabaki na lita 5.8. Ukilijaza kiasi hicho, nguo za katikati hazigeuki, na utaziona zinatoka na michirizi ya sabuni au zina sehemu zilizobaki na uchafu. Mimi huanza kutilia shaka chini ya lita 6 kwa kilo.

Kwa hiyo pima mapipa yote mawili. Ikiwa la kilo 10 limezidi la kilo 7 kwa lita chache tu, unalipia stika; chukua ndogo. Ikiwa lina lita 65 au 70 na huwa mnafua mablanketi, kubwa ina maana yake. Herufi ya kukamua, iliyo chini ya lebo, itazame kama mnaanika ndani: ikiwa B, nguo kavu za kilo 5 hutoka zimebakiwa na maji ya kilo 2.25 hadi 2.7.

Na ukikuta dukani mashine ya A+++ yenye kWh kwa mwaka, hiyo ni lebo ya zamani. Gawa lita zake kwa 220 upate za mzunguko mmoja. Umeme wake usiulinganishe na hizi mbili, kwa kuwa ulipimwa kwa programu za pamba za nyuzi 60 na 40, si eco 40-60.