LMS au RLS kwenye kisawazishi: nilichokiona kwenye chaneli yangu

"Wakuu, kisawazishi changu cha LMS kinachelewa sana kutulia. Naambiwa nihamie RLS, ila prosesa yangu ni ndogo. Kasi hiyo inalipa gharama yake?"

Mkuu, nilipambana na hili kwenye chaneli yenye sampuli tatu, 0.389, 1 na 0.389, kisawazishi kikiwa na koefisienti 11. Chaneli hii inabana masafa ya juu, kwa hiyo upande wenye nguvu nyingi wa ishara unauzidi ule dhaifu karibu mara 47. Hapo ndipo LMS inapokwama. Hatua yake ni moja kwa pande zote. Kwenye chaneli hii haiwezi kuzidi 0.14 hivi bila kulipuka, nami niliiweka 0.075. Kwa hatua hiyo upande dhaifu unahitaji alama kama 200 ili kosa lake lishuke hadi theluthi hivi, na kutulia kabisa kulinichukua zaidi ya alama 500.

RLS inabeba matriksi P, inayokipa kila upande hatua yake, kwa hiyo uwiano ule wa 47 hauisumbui. Ilitulia kwa alama kama 22, yaani mara mbili ya idadi ya koefisienti. Hapa chini `u` ni sampuli zilizopokelewa, `d` ni alama sahihi ya mafunzo, `w` ni koefisienti, na `lam` ni kigezo cha kusahau yaliyopita:

```
g = P @ u
k = g / (lam + u @ g)
w = w + k * (d - w @ u)
P = (P - np.outer(k, g)) / lam
```

Sasa hesabu gharama. Kwa kila alama LMS inazidisha mara 23 tu, wakati RLS hapo juu inafanya operesheni kama 400 za kuzidisha na kugawa. Lakini zidisha hadi mwisho: LMS 23 × 500 ni 11,500, RLS 400 × 22 ni 8,800. Hadi kutulia, RLS haikuwa ghali kabisa! Mzigo unakuja baadaye, ukiendelea kulipa 400 kwa kila alama wakati hakuna jipya la kujifunza. Na kwa koefisienti 100, RLS inafika 30,000 kwa alama, LMS 201.

Ndiyo maana mimi naendesha RLS wakati wa alama za mafunzo tu, kisha namkabidhi LMS zile koefisienti `w` aendelee kufuata mabadiliko ya polepole.

Ukiiacha RLS iendelee, chunga ukimya kati ya pakiti. Nilikuwa na `lam` 0.99, na bila ishara P inakua kwa 1/0.99 kila alama: baada ya alama 1,000 imekua mara 23,000. Ishara iliporudi, koefisienti zilirukaruka vibaya. Niligundua kwa kuchapisha `np.trace(P)`. Dawa ilikuwa kusimamisha usasishaji nguvu ya ishara inaposhuka, na kuongeza mstari huu kila mara ili P isipoteze ulinganifu:

```
P = (P + P.T) / 2
```