Nilitoa mbegu zote za pilipili na mchuzi bado unawaka

"Wadau naombeni msaada wa haraka. Nimepika mchuzi wa nyama wa wageni wa jioni, pilipili mbuzi tatu, mbegu nimetoa zote kama nilivyoambiwa, lakini mchuzi unawaka moto hauliki. Nimekosea wapi, na naweza kuuokoa?"

Pole sana mkuu. Kabla hujaendelea kusoma kazime jiko kwanza, chukua kijiko uopoe kila kipande cha pilipili unachokiona humo ndani, maana kila dakika vinapokaa mle vinazidi kuachia ukali. Ukimaliza rudi hapa.

Haya. Kutoa mbegu hujakosea, ila mbegu zimesingiziwa tu. Hata mimi niliishi na huo uongo miaka mingi, nakata pilipili nakung'uta mbegu mpaka ile ya mwisho, chakula kinawaka vilevile, nabaki kulaumu pilipili za siku hizi. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini na kinatengenezwa kwenye ile nyama nyeupe ya ndani, ule utando laini kama sponji ambao mbegu zimejishikiza. Mbegu yenyewe haitengenezi ukali, inapakwa tu kwa sababu imelala palepale. Kwahiyo anayekwangua vizuri anafanikiwa bila kujua kwanini, kumbe ameondoka na nyeupe yote, na anayekung'uta tu kama tulivyofanya mimi na wewe anatupa mbegu anabaki na kiwanda.

Kuna siku nilitaka nihakikishe mwenyewe nikachukua pilipili mbuzi moja, nikakata kale kancha ka chini, nikaosha mbegu mbili tatu nikazifuta vizuri, halafu nikachuna kipande cha utando mweupe wa karibu na kikonyo, kadogo kama punje ya mchele. Ncha ilikuwa kali ila inavumilika, mbegu iliniuma kidogo na kauchungu kake, ule utando sasa, aisee, nilikaa nimeachama kama mbwa kwenye jua, machozi yenyewe yanajitokea. Sikushauri ujaribu kama huna maziwa karibu.

Sasa namna ya kuutoa. Kata kikonyo, pasua pilipili kwa urefu iwe vipande vinne, kila kipande kilaze ganda likiwa chini na ndani kukiangalia juu. Utaona mstari mweupe umetokeza kama mshipa. Kisu kidogo kilaze kabisa, kiwe karibu kulala kwenye kibao, upitishe chini ya huo mstari kutoka upande wa kikonyo kwenda kwenye ncha, utatoka wote na mbegu zake kwa mkupuo mmoja. Ukiona kisu kinakusumbua, tumia kijiko cha chai, kwangua kuanzia kwenye kikonyo. Ukimaliza ndani kuwe na rangi ya pilipili yenyewe, nyekundu au kijani au njano, ukiona bado kuna weupe weupe rudia. Hicho ndo kipimo, siyo kuhesabu mbegu, hata zikibaki mbili hazina shida.

Ila tusidanganyane, pilipili mbuzi hata ukiikwangua namna gani haigeuki kuwa hoho. Ukali mwingine umeshaingia kwenye nyama ya ganda wakati unakata au hata kabla. Unapunguza sana ila humalizi. Na hizi ndogo kama pilipili kichaa usijisumbue kabisa kuzikwangua, utamaliza asubuhi nzima na vidole vinawaka. Hizo mimi naziweka nzima na kikonyo chake, bila kupasua, zinaelea juu ya mchuzi zinatoa harufu na ukali kidogo, kisha nazitoa kabla ya kupakua. Kazi yako inakuwa kuhakikisha hazipasuki tu, kwahiyo ukishaweka koroga taratibu ukipita pembeni, usizigonge na mwiko.

Kingine, pilipili za fungu moja hazilingani ukali. Unaweza ukatumia tatu leo zikawa poa na kesho tatu zilezile kwa macho zikakuunguza. Siku hizi kabla sijaiweka nakata kipande chembamba upande wa kikonyo nagusisha kwenye ncha ya ulimi, sekunde kama thelathini nishajua ni moja au nusu, maana ukali wake hauji papo hapo, unapanda taratibu. Wengi wanaonja wanasema mbona haina kitu, wanaongeza, hapo ndo msiba unapoanza.

Tuje kwenye sufuria yako. Nakuelezea nilivyookoa yangu maana kesi ni ileile kabisa. Mchuzi wa nyama kama lita mbili, pilipili mbuzi tatu zimekatwa katwa na utando wake, wageni nane wanakuja na wawili ni watoto. Nilijaribu kwanza yale yote ya kusikia. Niliongeza maji vikombe viwili, mchuzi ukawa mwepesi na ukali upo palepale, kwasababu kapsaisini haipatani na maji, yenyewe inayeyuka kwenye mafuta. Nikatumbukiza viazi viwili vizima nikasubiri vinyonye, vikaiva vizuri sana, nikavitoa nikaonja kiazi nacho kinawaka. Kiazi hakichagui cha kunyonya, kinakunywa mchuzi kama ulivyo, na kile kidogo kilichokunywa ndo kile kidogo ulichopunguza. Viazi vinasaidia pale tu unapovikatakata ukaviacha mle vikaliwa, maana hapo umeongeza chakula kisicho na pilipili.

Kilichofanya kazi cha kwanza ni mafuta. Niliacha sufuria itulie bila moto kama dakika kumi, mafuta yakapanda juu yakaweka tabaka jekundu, nikayateka na kijiko kikubwa taratibu nikayatoa karibu yote. Kwa kuwa kapsaisini inakimbilia kwenye mafuta, yale mafuta ya juu ndo yamebeba ukali mwingi. Usiyamwage, weka kwenye kichupa utakuja kutumia tone tone kwenye vyakula vingine. Hapohapo mchuzi ukawa umeshuka, siyo kidogo.

Cha pili ndo chenyewe hasa, kupunguza kwa kuongeza mchuzi mwingine usio na pilipili. Siyo maji, mchuzi. Sufuria nyingine nilikaanga vitunguu vitatu, kitunguu saumu, nyanya sita zikaiva mpaka zikavunjika, nikaweka viungo vilevile bila pilipili hata moja na chumvi sijaweka, nikapata kama lita moja hivi. Nikachanganya. Hesabu yake ni nyepesi, ukali uliokuwa kwenye lita mbili sasa umesambaa kwenye lita tatu, kwahiyo kila kijiko kimebaki na theluthi mbili ya ule wa mwanzo. Ukitaka ushuke nusu inabidi uongeze sawa na uliyonayo, lita mbili kwa lita mbili, na hapo ndo utaamua kama una sufuria kubwa au unagawa nusu unaweka frijini. Chumvi unarekebisha mwishoni, ukiweka kwenye ule wa pili mapema utajikuta una tatizo lingine.

Cha tatu nikamalizia na tui zito la nazi kikombe kimoja. Mafuta ya tui yanaikamata kapsaisini isigusane sana na ulimi. Krimu au mtindi mzito navyo vinafaa, na maziwa yana faida ya ziada, yana protini inaitwa kaseini ambayo inaishika kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi, ndo maana mtu akiungua anapewa maziwa badala ya maji. Ila mtindi usimimine kwenye mchuzi unaochemka utakatika uwe na chengachenga. Zima moto, chota mchuzi vijiko vitatu vinne uchanganye na mtindi kwenye bakuli pembeni mpaka ulainike, ndo urudishe kwenye sufuria, na usiuchemshe tena baada ya hapo.

Sukari nayo nilitia, nusu kijiko cha chai, na ndimu nusu. Hivi haviondoi kapsaisini hata chembe, vinaupa ulimi kitu kingine cha kusikia kwahiyo ukali haukai peke yake mbele. Viweke mwishoni kabisa na kwa woga, nimewahi kula mchuzi wa mtu mmoja alioutibu kwa sukari, ukawa mkali na mtamu kama jamu iliyokasirika.

Halafu kuna mtego mmoja wa kuonja ambao watu wengi hawaujui. Ukishaonja mara tano sita ulimi wako umekufa ganzi, unaona umepoa kumbe bado, au kinyume chake umeungua tayari kila kitu unaona kinawasha. Mimi nilimwita dada yangu aliyekuwa sebuleni hajaonja chochote, nikampa kijiko kimoja na wali kidogo kama utakavyoliwa mezani, nikamwambia asubiri nusu dakika ndo aseme. Akasema watu wazima watakula, watoto hapana. Basi watoto nikawachambulia nyama zao nikazisuuza na maji ya moto, nikaziunga upya kwenye kisufuria na tui lililobaki. Na uonje ukiwa na joto la kuliwa, siyo unatoka kuchemka, kwasababu ile sehemu ya ulimi inayosikia pilipili ndo hiyohiyo inayosikia moto, vikija vyote pamoja unaona ukali umezidi kuliko ulivyo.

Kuhusu mikono, kama ulikata bila glovu usiguse macho wala kumshika mtoto hata kama umenawa, maji na sabuni peke yake haviitoi vizuri. Paka mafuta ya kupikia viganjani na chini ya kucha, sugua, futa na karatasi, ndo unawe na sabuni ya vyombo, rudia mara mbili.

Kwa taimu uliyonayo mpaka jioni ningeanza na kuengua mafuta sasa hivi, hiyo haikugharimu kitu, wakati mchuzi umetulia ndo ukaange vitunguu vya ule wa pili. Na ukibakiza kiporo hakikisha hakuna kipande cha pilipili kilichojificha chini, mimi kilinibakia kimoja, kesho yake mchuzi tuliokula vizuri usiku ulikuwa umerudia ukali wake.