Birika lichemshe, mkono uchuje

Swali la wiki: "Nataka kahawa yangu ya asubuhi iwe ileile kila siku. Ninunue mashine ya umeme inayodondosha yenyewe, au kichujio cha kumiminia maji kwa mkono?"

Kama wanywaji ni mmoja au wawili, nunua kichujio cha mkono na mizani ndogo ya jikoni. Mimi nimeishi na mashine miaka mitatu hapa Unguja kabla ya kuhamia kichujio, na kilichonihamisha ni umeme.

Mashine nyingi za bei ya kawaida hazina pampu ndani. Maji yanashuka kutoka kwenye tangi, yanapita vali ndogo isiyoyaruhusu kurudi, kisha yanaingia kwenye bomba jembamba lililoshikana na hita chini ya ile sahani ya moto inapokaa jagi la kahawa. Yakianza kuchemka, mapovu ya mvuke ndiyo yanayoyasukuma juu mpaka yanyunyizie kahawa. Kwa hivyo hita ile ile inapasha maji na pia inayapandisha. Hita ikidhoofika, mambo yote mawili yanaharibika pamoja.

Mtaani kwetu maji ya bomba yanakuja alfajiri, tena si kila siku. Siku yakija, kila nyumba inawasha pampu kupandisha maji kwenye simtank, na taa zetu zinafifia. Nikaanza kugundua kwamba kahawa ya siku za maji ni chungu na haina moto wa kutosha, ilhali nimepima vilevile. Siku moja nikashika saa. Siku isiyo na pampu, maji ya nusu lita na kidogo yalimalizika kupita kwa dakika 5. Siku ya pampu yalichukua karibu 8. Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme, akaja na mita yake akachomeka kwenye soketi: volti 186.

"Mashine yako imeandikwa wati 900 kwa volti 230," akaniambia. "Hapa inapata kama 590 tu. Thuluthi nzima imekwenda zake."

Nguvu ya hita haipungui sawa na volti, inapungua kwa mraba wake. Gawa 186 kwa 230, jibu lizidishe kwa lenyewe, utapata 0.65. Maji yakipanda polepole namna ile, unga unakaa ndani ya maji muda mrefu mno na kutoa uchungu wake, na maji yenyewe yanapoa njiani. Stabilaiza inaweza kutibu hilo, lakini iwe ya kubeba mzigo wa wati 900, si ile ndogo ya televisheni.

Sasa tazama birika. Volti zikiwa 186, birika la umeme linachelewa kuchemka, basi. Likishachemka, maji hapa pwani yana nyuzi 100 kama jana na kama juzi. Umeme ukikatika kabisa, unawasha gesi na maji yanakuwa yaleyale. Kazi ya kupasha imetengwa na kazi ya kuchuja, na hiyo ya kuchuja sasa unaishika wewe.

Kipimo changu ni gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, kikombe kimoja kikubwa. Mizani ni lazima, maana kijiko kilichojaa cha leo kinaweza kuwa gramu 5 na cha kesho 8, na hapo hakuna chombo kitakachokuokoa. Naweka karatasi kwenye koni ya kichujio, naisuuza kwa maji ya moto ili harufu ya karatasi iondoke na kikombe kipate joto, namwaga yale maji. Birika likichemka naliacha nusu dakika. Namimina kwanza gramu 40 tu, nasubiri nusu dakika nyingine. Unga unaumuka na kutoa mapovu, hewa inatoka. Kisha namimina zilizobaki kwa mikupuo miwili, kwa mzunguko, taratibu. Tone la mwisho linatakiwa liangukie kati ya dakika 2 na nusu na 3 na nusu tangu nilipoanza.

Hiyo saa ndiyo inayokwambia kosa liko wapi. Ikimalizika kwa dakika 2, kahawa itakuwa nyepesi yenye ukakasi wa uchachu: saga laini zaidi kesho. Ikipita 4, itakuwa chungu na kukausha ulimi: saga chenga zaidi. Badilisha kusaga peke yake, mengine yaache palepale, na ndani ya siku tatu nne utakuwa umeipata.

Na hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. Kahawa ya kusagwa tunayonunua sokoni imetwangwa kwa ajili ya dele. Ni laini kama poda, kwa sababu ndani ya dele inachemshwa na kuachwa itulie chini, na muuza kahawa wa baraza anajua namna ya kuimimina bila kuamsha tope. Ukiitia kwenye karatasi inaziba. Mara ya kwanza nilisimama jikoni dakika 7 nikitazama maji yamejaa kwenye koni kama mtaro ulioziba, na Mama Nasra akinitazama mimi.

"Baba Nasra, si ungechemsha tu?"

Alikuwa na haki. Kwa unga ule, dele ni bora kuliko kichujio na kuliko mashine, maana hata kikapu cha mashine kitafurika nao. Kwa kichujio, nunua buni iliyokwisha kaangwa usage mwenyewe kwa kisagio cha mkono, au mwombe anayekusagia aiache chenga kama mchanga wa ufukweni. Kama buni imekaangwa mpaka nyeusi inang'aa mafuta, ndivyo tunavyoipenda kwa kahawa chungu, liache birika wazi dakika 2 badala ya nusu. Maji yakiwa na moto mdogo kidogo hayatoi uchungu wote. Hifadhi buni kwenye chombo kinachofunga barabara. Masika yetu yana unyevu wa kutosha kuilegeza kwa wiki moja.

Nyumba ya watu watano au sita ni habari nyingine, maana kumimina koni baada ya koni alfajiri ni adhabu. Chukua mashine, lakini usichuje vikombe viwili tu ndani yake: maji ya mwanzo hutoka bado hayajapata moto, na kwa kiasi kidogo hayo ndiyo sehemu kubwa ya kahawa yako. Jaza nusu ya tangi kwenda juu. Ikimaliza, mimina kwenye chupa ya chai mara moja na uzime, maana ile sahani inaendelea kuipika kahawa, na baada ya nusu saa ina ladha ya kuungua. Tena maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako, ujue na lile bomba jembamba lina huohuo. Mashine ikianza kunguruma na kutoa mvuke mwingi kuliko maji, pitisha siki nyeupe sehemu moja kwa maji mawili, izime katikati ikae nusu saa, imalize, kisha pitisha maji matupu mara mbili.

Yangu sikuitupa. Inatoka kabatini wageni wakijaa, na kabla ya kuiwasha nasikiliza kwanza kama jirani amewasha pampu.