Wadudu wa ziwani kwenye skrubu ya printa

Kibanda changu cha kuchapa kwa printa ya 3D kipo Kirumba, hatua chache kutoka ziwani. Mwezi unapoandama, wale wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi na kufuata taa. Nikisahau kufunga dirisha usiku, asubuhi nawakuta wamenasa kwenye grisi.

Siku moja nilichapa kopo refu, likatoka na mawimbi ubavuni. Kabla ya kugusa chochote nilichukua rula. Wimbi lilijirudia kila milimita 8, na skrubu zangu ndefu, zile zinazopandisha kichwa cha kuchapia, hukipandisha milimita 8 kwa kila mzunguko. Basi kosa lilikuwa kwenye skrubu. Mawimbi ya kila milimita 2 yangenipeleka kwenye mkanda unaovuta kichwa, maana meno yake yameachana hivyo.

Nilipandisha kichwa juu kwa kutumia menyu, nikazima umeme. Printa yangu ina skrubu mbili, na ukizungusha moja kwa mkono, upande mmoja hupanda peke yake. Nikasugua kwa mswaki wa zamani uliolowa spiriti kidogo. Ilitoka grisi nyeusi kama masizi, na mabawa ndani yake! Spiriti isichuruzike hadi kwenye beringi, itaosha mafuta yaliyomo. Zile fito laini ambazo kichwa huteleza juu yake nilizifuta kwa kipande cha fulana, nikaweka matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kila fito, nikasukuma kichwa huku na huku mara kumi, kisha nikafuta yaliyozidi. Skrubu nilizipaka grisi nyepesi, kiasi cha kung'aa tu. Ukipaka nyingi unawatandikia wadudu mkeka. Mkanda haupakwi kitu.

Halafu nikaharibu. Nilishika spana ya L nikakaza kila boliti niliyoiona, zikiwemo zile ndogo zinazoshika nati ya shaba inayopanda na skrubu. Kopo la pili likatoka baya kuliko la kwanza. Skrubu ndefu mara nyingi huwa imepinda kidogo, na nati iliyobanwa kabisa hukivuta kichwa kufuata ule upindo. Nikazilegeza zile boliti ndogo robo mzunguko, nati ikapata nafasi ya kucheza kidogo, na mawimbi yakaisha.

Boliti za fremu kaza, lakini zinazoingia kwenye plastiki ziache mara tu zinapogoma, zisije zikapasua. Usiyoweza kuisamehe ni ile skrubu ndogo isiyo na kichwa kwenye puli ya mota. Lazima ikae juu ya ubapa wa shafti. Ikilegea, tabaka zinahama upande ghafla, kazi ya saa sita inakwenda jalalani. Nimechora mstari wa kalamu kuanzia puli hadi shafti. Mstari ukiachana, najua imeteleza.

Kufuta nafanya kila Jumamosi, mafuta na boliti mara moja kwa mwezi. Msimu wa wadudu nafuta kila asubuhi, na usiku printa inalala chini ya shuka.