CS kwenye orodha ya nchi: Cheki, Slovakia, Serbia au Montenegro?

Swali: "Wakuu, nipo Uyole, Mbeya. Nimeachiwa faili la Excel la wafadhili na wageni wa asasi yetu tangu miaka ya 80. Safu ya nchi ina CS, YU, ZR na DD, na mfumo mpya unazikataa zote. Hasa hii CS, siku hizi ni nchi gani?"

Mkuu, ZR na DD zisikunyime usingizi. ZR ilikuwa Zaire, nchi ileile tunayopelekea mizigo kupitia Tunduma, ila tangu 1997 inaandikwa CD. DD ilikuwa Ujerumani Mashariki, ikaingia ndani ya DE mwaka 1990. Hizo mbili unabadilisha zote kwa mpigo na hakuna atakayelalamika.

CS ndiyo itakayokula muda wako. Herufi hizo zimewahi kushikwa na nchi mbili zisizohusiana, zote mbili zimeshavunjika, na kila moja imeacha warithi wawili. Kwa hiyo CS ya kwenye faili lako inaweza kuwa CZ, SK, RS au ME. Nimeshafanya kazi hii hapa Iringa kwenye kumbukumbu za misheni moja, na baadaye kwenye orodha ya wanunuzi wa chai kule Mufindi. Kote kuwili CS ilichukua muda kuliko misimbo mingine yote ya zamani ikijumlishwa.

Anza na kalenda. CS ya kwanza ilikuwa Chekoslovakia. Nchi hiyo iligawanyika tarehe 1 Januari 1993, na orodha ya misimbo ya nchi ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, ikaiondoa Juni mwaka huohuo, ikaweka CZ kwa Cheki na SK kwa Slovakia. Miaka kumi baadaye Yugoslavia iliyokuwa imebaki ikajiita Serbia na Montenegro, na Julai 2003 ikapewa herufi zilezile, CS. Muungano huo nao haukudumu. Montenegro ilijitangazia uhuru Juni 2006, na Septemba mwaka huo CS ikaondolewa kwa mara ya pili, zikaingia RS kwa Serbia na ME kwa Montenegro.

Walioutumia msimbo huo kwenye maktaba na kwenye mifumo ya kompyuta walipiga kelele sana mwaka 2003, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Kanuni ya wakati ule ilitaka msimbo ulioondolewa upumzishwe miaka 5 tu kabla ya kupewa nchi nyingine. Baada ya sakata hilo muda ukapandishwa hadi miaka 50.

ISO yenyewe ina sehemu maalumu ya misimbo iliyostaafu, inaitwa ISO 3166-3, na humo kila nchi iliyoondolewa hupewa herufi nne. Mbili za kwanza ni msimbo wa zamani. Mbili za mwisho ni msimbo mpya, ikiwa nchi ilibadili jina au ilimezwa na nyingine. Ndiyo maana Zaire ni ZRCD na Ujerumani Mashariki ni DDDE: unasoma tu mwisho wake na unajua pa kwenda. Ikiwa hakuna mrithi mmoja, mwishoni huwekwa HH. Chekoslovakia basi ni CSHH. Serbia na Montenegro ilipovunjika ilistahili CSHH pia, lakini ilikuwa imeshachukuliwa, ikapewa CSXX. Kwa hiyo orodha haikwambii CS imekuwa nchi gani. Inakupa majina mawili ya kutenganisha marehemu hao wawili, halafu kupata mrithi ni kazi yako.

Hatua ya kwanza ni kuigawa safu yako kwa tarehe, na matokeo uyaweke kwenye safu mpya. Ile ya zamani usiifute.

```sql
CASE
  WHEN msimbo = 'CS' AND tarehe < '2003-07-23' THEN 'CSHH'
  WHEN msimbo = 'CS' THEN 'CSXX'
END
```

Tarehe inayotakiwa hapo ni ya siku msimbo ulipoandikwa, wala si tarehe ya kuzaliwa wala ya mtu kufika. Uliza faili lenu lilichapwa lini. Kama kuna mtu mwaka 2004 alikaa akachapa madaftari ya 1985 huku ana orodha mpya mezani, CS yake inaweza kuwa ya Serbia hata kama mgeni alikuja 1985. Na kama alikuwa ananakili tu kilichoandikwa daftarini, ni Chekoslovakia. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia CS peke yake.

Ukikuta CS ya mwaka 1997 au 2000 usishangae. Programu nyingi zilikaa miaka na orodha ya zamani bila mtu kuigusa. Kipindi hicho Serbia haikuwa CS bado, ilikuwa YU, kwa hiyo mstari kama huo ni wa Chekoslovakia. Zinazoweza kukuchanganya ni za baada ya 2003, kwa sababu programu iliyochakaa inaweza kuwa bado inaandika CS ikimaanisha Chekoslovakia. Hapo tafuta ushahidi mwingine kwenye mstari huohuo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni msimbo wa herufi tatu au namba ya tarakimu tatu, kama faili lina safu hizo. Chekoslovakia ilikuwa CSK na 200. Serbia na Montenegro ilikuwa SCG na 891. Hapo hakuna ubishi.

Zisipokuwepo, angalia simu na postikodi. Chekoslovakia ilipigiwa +42, na nchi hizo mbili ziliendelea kuitumia pamoja hadi mwanzoni mwa 1997, ndipo Cheki ikabaki na +420 na Slovakia na +421. Serbia na Montenegro zote zilikuwa +381, hadi Montenegro ilipopata +382 yake baada ya kujitenga. Kwenye postikodi, Cheki na Slovakia ziligawana tarakimu ya kwanza: 1 hadi 7 ni Cheki, 8, 9 na 0 ni Slovakia.

Nikupe mifano ya aina utakayokutana nayo. Mstari wa 1988, CS, mji Brno, postikodi inaanza na 6: hiyo ni CSHH, mrithi CZ, umemaliza. Mstari wa 1991, CS, mji haukuandikwa, postikodi inasomeka 4001. Huu unaudhi kidogo, maana postikodi za kule ni tarakimu tano. Kilichotokea ni kwamba Excel imeichukulia kama namba ya kawaida ikaila sifuri ya mbele. Irudishe, unapata 04001, ambayo ni Kosice, upande wa Slovakia. Ukikuta postikodi za tarakimu nne kwenye kundi la CSHH, mara nyingi ndiyo hivyo.

Mstari wa 2005, CS, postikodi 21000, simu +381: hapo ni Novi Sad, kwa hiyo CSXX, mrithi RS. Ila kuwa makini na zinazoanza na 81. Bratislava inaanza na 81, na Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, ni 81000. Mtu anayekimbilia postikodi kabla ya kuangalia tarehe anaweza kumhamisha mfadhili wa Montenegro hadi Slovakia bila kujua. Ndiyo maana nasema tarehe kwanza, mengine yafuate.

Halafu kuna mstari wa 2004 wenye jina la mtu na CS, basi. Hauna mji wala simu. Huo uache CSXX. Usikisie RS eti kwa kuwa Serbia ni kubwa. Kama mfumo wenu hauruhusu herufi nne, acha nchi wazi na uandike CSXX kwenye maelezo. Kwa wafadhili walio hai, barua pepe moja inamaliza ubishi.

Hapa kuna jambo linalochanganywa sana maofisini. Unataka nchi ya nini? Kama ni ya kutuma barua ya shukrani, unahitaji nchi ya sasa, na mji ndio utakaokwambia. Kama ni mahali alipozaliwa, mji unatosha pia, ukipenda na CSHH pembeni. Lakini kama safu inamaanisha uraia, mji hausaidii. Mtu alizaliwa Bratislava mwaka 1960 akahamia Praha, leo anaweza kuwa na pasi ya Cheki. Uraia anaulizwa mwenyewe.

Sasa YU. Kwenye 3166-3 ni YUCS, yaani inakuelekeza CS, ambayo nayo imekufa. Usiifuate kibubusa. YU iliyoandikwa miaka ya 80 ni Yugoslavia kubwa ya jamhuri sita, na mfadhili wa Ljubljana leo ni SI, wa Zagreb ni HR, wa Sarajevo ni BA, wa Skopje ni MK. YU ya baada ya 1992 ni ndogo, Serbia na Montenegro tu, na YU hiyohiyo iliendelea kutumika hadi Julai 2003. Namba inasaidia hapa pia: kubwa ilikuwa 890, ndogo ikawa 891. Namba hizi hubadilika mipaka ikibadilika, jina likibadilika peke yake hazisogei, ndiyo maana Zaire na Kongo ya leo zote ni 180. Pristina nayo itakusumbua, kwa sababu Kosovo haimo kwenye orodha rasmi. Wengi wanaandika XK, lakini muulize mwenye mfumo kama anaikubali.

Kuna atakayeuliza mbona Tanganyika na Zanzibar hazimo kwenye hiyo orodha ya waliostaafu. Orodha ya kwanza ya ISO ilitoka 1974, miaka kumi baada ya Muungano. Hazikuwahi kupewa msimbo, kwa hiyo hakuna cha kustaafisha.

La mwisho, kama kijana wenu wa kompyuta atakwambia programu inabadilisha yenyewe, mwambie ajaribu hii kwenye kivinjari:

```js
Intl.getCanonicalLocales(["en-CS", "en-SU", "hy-SU"])
// ["en-RS", "en-RU", "hy-AM"]
```

Imetengenezwa kwa ajili ya mipangilio ya lugha, na kwa kazi hiyo inafaa: SU, yaani Umoja wa Kisovieti wa zamani, ikiwa na lugha ya Kiarmenia inapelekwa Armenia, isiyo na dalili inapelekwa Urusi. Lakini CS inachukuliwa kuwa ile ya pili tu na kupelekwa RS moja kwa moja. Ukiipitisha kwenye faili lako, wafadhili wote wa Brno na Kosice watageuka watu wa Serbia, na mfumo mpya utawapokea bila onyo lolote, kwa sababu RS ni msimbo halali.