Dada yangu, mabega yako hayana kosa: ketibeli hurushwa kwa nyonga

Juzi dada mmoja msomaji alinitumia ujumbe: "Kaka, kila nikirusha ketibeli mabega yanawaka moto. Nimeshuka kutoka kilo 16 hadi 12 na hali ni ileile. Kocha wetu anasema mabega yangu ni dhaifu, niyafanyie mazoezi kwanza kisha nirudi. Nifanyeje?" Kwa asiyeijua, ketibeli ni tufe la chuma lenye mpini juu, na kuirusha ni kuibembeza kwa mikono kutoka kati ya mapaja hadi kifuani bila kuiachia. Nikamwomba ajirekodi video kutoka ubavuni, si kwa mbele kama tunavyopenda kujipiga. Alipoituma, hata raundi ya kwanza haijaisha nikawa nimeliona tatizo, na halikuwa begani.

Swali lake limenigusa mahali, ndiyo maana naandika marefu. Nilipoanza mazoezi hapa Dar, jimu niliyojiunga ilikuwa na ketibeli mbili tu, zote kazi ya fundi wa kuchomelea wa mtaani, mpini mnene kiasi kwamba vidole havikutani. Kocha akanitazama mikono, ambayo kweli ni miembamba, na kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni akaniambia: "Wewe kakimbie, mzee. Hivi vyuma vinataka mabega." Watu wakacheka. Nakiri bado kinaniuma. Leo narusha kilo 32 mara kumi bila kuiweka chini, na mikono ni ileile miembamba.

Tena sikilizeni hili. Kilo 32 hizohizo, ukinitaka nisimame wima, ninyooshe mikono na kuziinua polepole hadi kifuani, siwezi hata mara moja. Siwezi kabisa. Sasa jiulize: kama bega langu haliwezi kuuinua mzigo huo mara moja, nani anaufikisha kifuani mara kumi mfululizo?

Ni nyonga. Ukiinama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yakiwa yamelegea kidogo tu, misuli ya nyuma ya paja inavutika na makalio yanajaa mzigo. Ketibeli iko kati ya mapaja, vigasha vimegusa mapaja kwa ndani, mikono ya juu imebana mbavu. Hapo unasimama kwa ghafla. Nyonga zinafunguka, mapaja na kinena vinavisukuma vigasha mbele, na chuma kinaondoka. Wewe umeshasimama, mwili umekaza na kutulia, lakini chuma kina mwendo wake na kinaendelea kupanda chenyewe. Anayekumbuka kuwinga ndege shambani kwa kombeo anajua kwamba kamba hairushi jiwe. Kamba inalishika tu na kulifikishia nguvu inayotoka kwingine. Mikono yako ndiyo kamba.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka usawa wa kinena hadi kifuani ni kama sentimita 60. Ili kitu kipande kimo hicho chenyewe, lazima kianze na mwendo wa mita 3 na kidogo kwa sekunde. Mwendo huo haubadiliki, iwe ni kilo 12 au kilo 32. Kinachobadilika ni nguvu ya kuupata, na nguvu hiyo lazima itoke yote katika kile kipindi kifupi ambacho nyonga zinafunguka. Zikishafunguka, mchezo umekwisha. Unapovuta kwa mabega wakati chuma kiko njiani, unajaribu kulipa deni la nyonga kwa misuli midogo inayobeba mzigo ulio mbali na mwili. Lazima iwake moto.

Mwaka 2012 watafiti Stuart McGill na Leigh Marshall walipima misuli ya watu wakirusha ketibeli ya kilo 16. Makalio yalifika karibu asilimia 80 ya uwezo wake wa kukaza, na misuli ya chini ya mgongo karibu asilimia 50. Hiyo ni kilo 16 tu, uzito ambao wengi wetu tunauita wa kujipasha moto.

Sasa turudi kwenye video ya dada yetu, maana humo mna somo lote.

Jambo la kwanza, alikuwa anachuchumaa. Magoti yalikwenda mbele, kifua kikabaki wima, makalio yakashuka chini badala ya kurudi nyuma. Skwati ni zoezi zuri, lakini nguvu yake inaelekea juu. Chuma kilicho kati ya miguu kinahitaji kusukumwa mbele. Tena goti likijikunja sana, misuli ya nyuma ya paja haivutiki, kwa hiyo hakuna kitu cha kufyatuka. Alisimama vizuri kabisa, lakini chuma hakikupata chochote. Kikaning'inia tu mbele ya mapaja kama kinasubiri lifti, na hapo ndipo mabega yalipoitwa kazini.

La pili, chuma kilipita chini ya magoti kiliporudi nyuma, karibu kigonge sakafu. Kinatakiwa kipite juu ya magoti, karibu na kinena, kiasi kwamba mpini unakaribia kugusa suruali. Kikipita chini kinauvuta mgongo ukunjike, na ndiyo sababu wengine wanaamka kesho yake wameshika kiuno.

La tatu ndilo lililonipa uhakika. Kilipofika juu, kitako cha ketibeli kilikuwa kinatazama sakafu na viwiko vyake vimepinda. Chuma kilichorushwa na nyonga kinafika juu kikiwa kimenyooka na mkono, kitako kinatazama ukuta wa mbele, na kwa nukta moja hivi kinakuwa chepesi kama hakipo. Kikining'inia kutoka vidoleni, jua umekibeba.

Nikamwambia aache mabega kama yalivyo na afanye mambo haya. Asimame akiupa ukuta mgongo, umbali wa unyayo mmoja hivi kutoka ukutani, asukume makalio nyuma mpaka yaguse ukuta huku miundi ikibaki karibu wima, kisha asimame. Mikono mitupu. Akizoea, asogee nusu unyayo mbele na arudie. Hakuna ujanja hapo: ukichuchumaa, makalio hayaufikii ukuta. Ni zoezi la kuchosha roho, sitalisimulia zaidi.

Halafu taulo. Chukua taulo dogo, lipitishe kwenye mpini, ushike ncha zake mbili pamoja karibu na mpini, urushe kama kawaida. Tumia uzito unaoumudu, na pasiwe na mtu wala kioo mbele yako. Nyonga zikifanya kazi, taulo na chuma vinakaa kwenye mstari mmoja na mikono yako mpaka juu. Ukivuta kwa mabega, taulo linajikunja na chuma kinaning'inia chini yake, kwa sababu taulo haliwezi kuinua kitu. Linaweza kuvuta tu. Huwezi kulidanganya taulo. Kocha unaweza kumdanganya, kioo unaweza kukidanganya.

Na la mwisho, arudi kilo 16. Hapo aliniuliza mara mbili kama nimekosea kuandika. Sikukosea, dada yangu. Kilo 12 ni nyepesi kiasi kwamba mabega yanaweza kuiiba kazi, nawe usijue. Kilo 16 kwa mikono miwili itamnyima nafasi hiyo: ama nyonga zifanye kazi, ama chuma kisipande. Lakini kwanza ukuta, maana anayeongeza uzito huku bado anachuchumaa anahamisha tu maumivu kutoka begani kwenda kiunoni.

Ndugu zangu, tatizo letu watu wa jimu ni kwamba tunafundisha kile kioo kinachoonyesha. Kifua, mkono, bega. Makalio na misuli ya nyuma ya paja hatuioni, kwa hiyo tunadhani haipo. Kijana ana mikono ya kujaza shati, mpe kilo 24 arushe, baada ya raundi mbili anapuliza na shingo imemkaza. Mama wa makamo aliyefundishwa kuinama vizuri anamaliza na anauliza nani anafuata. Nimeliona hilo mara nyingi na sichoki kuliona.

Msinielewe vibaya, mikono haikai bure. Chuma kinapopita chini kwa kasi kinavuta kwenda nje kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, na vidole ndivyo vinavyokizuia kisiende kwa jirani. Misuli ya kwapani nayo inayabakiza mabega mahali pake yasing'oke kwenda mbele. Kwa hiyo kigasha kikichoka, ni halali. Kazi ya mkono ni kushika na kuzuia. Kiganja kikianza kuteleza, weka chini, hata kama nyonga bado zina nguvu. Lakini mabega na shingo vikichoka kabla ya makalio, rudi ukutani.

Kuna na safari ya kushuka, ambayo wengi wanaisahau. Chuma kikianza kushuka, watu wanakimbilia kuinama pamoja nacho. Subiri. Baki wima, tumbo limekaza, mpaka mikono ya juu iguse mbavu na vigasha vikaribie tumbo, ndipo usukume makalio nyuma kwa haraka. Ukiinama mapema, chuma kinashuka kikiwa mbali na mwili na kinakuburuta, mgongo ndio unaolipa. Ukisubiri, kinaingia nyuma kwa kasi, kinaivuta misuli ya nyuma ya paja, na mrusho unaofuata unapata mwanzo mzuri. Dada yetu alipolielewa hili ndipo alipoanza kuniandikia kwa herufi kubwa.

Video yake ya pili imefika wiki hii. Kilo 16, taulo limenyooka na mikono, magoti yametulia. Kuna kosa jipya: akifika juu anaegemea nyuma, kiuno kinapinda, kwa kutaka chuma kipande zaidi. Nimemwambia akaze makalio na tumbo kwa pamoja afikapo juu, asimame wima kama anayepimwa urefu, asipite hapo. Anasema bega haliumi tena, ila kukaa kwenye daladala kumekuwa kazi.

Swali lake la leo ni kwa nini kilo 16 inamfikia tumboni tu wakati wenzake wanaifikisha usoni. Iache tumboni. Kimo ni matokeo ya mwendo ambao nyonga zimetoa, na kwa sasa nyonga zake zinatoa mwendo wa kufika tumboni. Raundi za mara kumi kumi, apumzike mpaka pumzi irudi, na akiona viwiko vinaanza kupinda, aweke chini hata kama amefika sita.